Picha za Kauboi Alizokuja Kuzitazama Wifi

Jumanne, 1 Julai
Maandazi yameisha mapema, alhamdulillahi. Nimefagia uwanja, nimeswali adhuhuri, nimewasha tivii. Wifi Mwanaidi akapita na kanga yake kichwani, akaguna.
"Mtu mzima na swala zake tano, anatazama watu wanauana."
Nikamwambia hizi ni picha za kauboi, nimekua nazo. Akasema anazijua. Farasi, kofia, pa pa pa, mtu kaanguka. Basi.
Ana haki ya kunitania, ni dada wa marehemu mume wangu. Lakini imeniuma.

Jumatano, 2 Julai
Niandike kwa nini yuko hapa. Tembo waliingia shambani kwake Mloka wakala mahindi yote na kuliangusha dungu alilokuwa akilindia. Ufuta hawakuugusa, tembo hana hamu nao. Mwanawe wa Dar anamtaka aliache shamba, ahamie kwangu hapa Kibiti moja kwa moja. Wifi hajajibu. Ufuta unakaribia kukauka, na ufuta haungoji: vitumba vikipasuka, punje zote zinamwagika chini. Kwa hiyo ataamua karibuni.
Mimi namtaka abaki. Tangu mume wangu Hamisi afariki nyumba hii ina mwangwi. Nimeliandika, liwe.

Ijumaa, 4 Julai
Nimekosea. Baada ya swala ya Ijumaa nimemwekea picha ya kwanza, nikijua akizipenda atakaa. Nimechagua ile iliyopigiwa makofi kuliko zote kwenye banda la video la baba, Ikwiriri. Nimesahau ilipigiwa makofi kwa sababu ya risasi. Tena ni nakala iliyotafsiriwa, jamaa anapiga kelele mwanzo mpaka mwisho.
Wifi akauliza, "Huyu anayebweka naye yumo kwenye picha?"
Akaenda kuchambua mchele.

Jumamosi, 5 Julai
Nimemkumbuka baba sana leo. Alikuwa anasimama pembeni ya tivii na kipaza sauti, jenereta linanguruma nje, anatafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Staringi akiwa kimya anatazama milima, baba anamsemea: "Hapa anawaza mama yake aliyemwacha Utete." Watu wanalia kweli. Kimya alikiogopa. Wateja wakiona kimya hudhani mashine imeharibika, wanadai kiingilio chao.
Mimi nakaa chini kwenye mkeka mbele kabisa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Mungu amrehemu.

Jumapili, 6 Julai
Nimekwenda kwa kijana anayeingiza picha kwenye flashi pale stendi. Nimemwambia nataka za kauboi zisizo na mtafsiri, na zisiwe za vita. Amenicheka. Amezipata.
Alasiri nimemwekea wifi ya wachunga ng'ombe. Nimemweleza kwanza: kauboi si muuaji, ni mchungaji wa kuajiriwa. Anaswaga ng'ombe wa tajiri safari ya miezi mpaka kwenye reli, anakula maharage na vumbi, analipwa kidogo. Bastola yake kazi yake kubwa ni nyoka.
Karibu picha nzima ni kuvusha ng'ombe mto. Wifi alikaa pembeni ya kochi kama mtu anayeondoka. Ng'ombe wa mbele alipokataa maji akasema, "Wanamvusha vibaya, jua linampiga machoni." Sikujua hilo. Picha ikaonyesha hivyo hivyo, wakarudi nyuma wakangoja jua lipande.
Hakuondoka.

Jumatatu, 7 Julai
Ameuliza mwenyewe kama iko nyingine. Nimeficha kicheko.
Ya leo wenyeji wa ile nchi wanatokea wamejipaka rangi, wanapiga mayowe, wanauawa kama kuku. Wifi akauliza, "Hawa si ndio wenye ardhi?" Ndio wao. Baba aliwaita majambazi, na sisi tulishangilia. Nimemwambia za zamani nyingi ziko hivyo, ni uongo wa waliotengeneza. Nikamwekea kipande cha nyingine, ya baadaye, mzee wao anahamishwa pamoja na watu wake wakati wa baridi. Hakuna risasi. Wanatembea tu.
Wifi akasema astaghfirullah.

Jumatano, 9 Julai
Anazielewa kuliko mimi. Naona haya kidogo, maana mimi ndiye mwalimu. Kaniuliza kwa nini mtu anaonekana mdogo hivi na nchi kubwa hivi. Nikasema ndivyo wanavyopiga hizi picha, kamera inarudi mbali. Akasema hapana, ndivyo ilivyo. Ukiwa shambani Mloka wewe ni mdogo hivyo hivyo.
Akasema tena kwamba habari yenyewe si bastola. Habari ni kwamba serikali iko mbali. Mtu akionewa, nani atakuja? Ukipiga simu kwamba tembo wameingia, askari wa wanyama wanafika mahindi yameshaliwa.
Mwanawe amepiga simu leo. Anataka jibu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimefanya jambo la kijinga.
Picha ya leo ni ya mjane mwenye shamba kando ya mto. Tajiri wa ng'ombe anataka maji yake. Anamkatia senyenge, anaziba mfereji, anamtuma mtu kwa maneno matamu na fedha. Mgeni mmoja anakuja na farasi, anamsaidia kusimamisha nguzo. Karibu saa nzima ni nguzo, senyenge na jembe. Risasi moja tu, mwishoni, na hata aliyepigwa humwoni akianguka.
Wanaongea Kiingereza, wifi akanitaka nimtafsirie. Nikaanza vizuri. Kisha nikaona macho yake yalivyomkazia yule mjane, nikaogopa. Nikaanza kutafsiri kama baba. Mgeni anaaga, nikasema, "Anamwambia, nenda mjini kwa wifi yako, shamba litakuua." Mjane anatikisa kichwa, nikasema, "Amekubali, ataondoka wiki hii."
Mgeni akaenda zake akawa nukta. Mjane akasimama mlangoni, tunamwona kutoka ndani, yeye kivuli na nje mwanga mtupu. Akaokota koleo akashuka kwenye mfereji. Kwisha.
"Wifi," akaniambia polepole, "huyu aliyekubali kuondoka, mbona anazibua maji?"
Akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba yako alikuachia ufundi wake mbovu." Kisha akaacha kucheka akanishika mkono. Akasema anajua nakaa peke yangu. Hata yeye anakaa peke yake, ila kule anakaa peke yake na kitu chake.

Jumamosi, 12 Julai
Amempigia mwanawe. Anarudi kukata ufuta. Kijana amelalamika sana, nimemsikia kwenye simu. Wifi amemjibu kwa upole. Jirani zake Mloka wamekwishaanza kumjengea dungu jipya.
Nimekasirika. Nimekaanga maandazi ya kuungua. Nimemkasirikia na yule mjane wa kwenye picha.

Jumapili, 13 Julai
Ameondoka na basi la asubuhi. Nimemfungia mchele na nazi. Hatukulia.

Jumatano, 16 Julai
Wifi amepiga simu. Wamekata nusu, wamefunga matita, yamesimamishwa yakauke. Jioni anawasimulia wanawake wenzake zile picha. Anasema hawaamini kwamba kauboi anaweza kumaliza picha nzima bila kuua mtu, wanamwita mwongo.
"Njoo uwaambie wewe," akasema. "Na safari hii utafsiri kweli."
Nikasema nitaona.
Nimeswali isha. Upepo wa Julai, baridi kidogo. Kesho nitamwuliza mama wa jirani kama anaweza kunilishia kuku kwa siku chache.