Kiti cha Baba Mkubwa

Dada Akiru, ejok. Mimi wa miaka sabini na tisa, niliyezika ndugu zetu wote wa kiume, nimefika Kakuma kwa pikipiki na mgongo hauumi. Kijana anayemposa binti ya marehemu mdogo wetu ni mtu wa ofisi. Akaniambia, “Anko, kaa pale na yule anko mwingine.” Yule ni mjomba, kaka ya mama wa binti! Nikabaki nimesimama juani. Nyama ikapoa.

“Mimi ni baba mkubwa. Baba yake hayupo, baba ni mimi. Nisipokaa mbele, nani atakujibu?”

Mjomba akacheka. “Shemeji, kiti chako hiki.”

Nikakaa, nikakubali posa. Wewe shangazi umetengewa blanketi. Mguu wako upone uje ulivae. Ukisema najisifu, muulize mjomba.

Kaka yako