Mlango Ulioufungua kwa Kina cha Zi

Kaka Bakari,

Arobaini yako imepita, na nimesubiri hasira ipungue ndiyo nikuandikie. Haijapungua. Nakuandikia hivyo hivyo, hapa barazani Mtaa wa Kongo, cherehani imekaa tu kwa sababu kitambaa hakipatikani tena wiki hii.

Unakumbuka ule wimbo wa Kizaire. Bendi ilikupa uutie Kiswahili, na wewe Kilingala ulikuwa hujui hata salamu, ukanijia mimi niliyeishi Kinshasa miaka sita na mume. Nilikukalia siku tatu na sahani yako ya santuri. Nilikupa maana, wewe ukahesabu silabi kwa vidole juu ya meza.

Sikatai ulikuwa fundi. "Nakozela yo" ilitusumbua asubuhi nzima. Mimi nilisema "nitakungoja", silabi tano kwa tano, maana imetimia. Ukaiimba, ukasema hapana, Tatu, sikiliza: mwimbaji anavuta sauti kwenye "yo" ya mwisho, na Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho. Akiivuta ile "ja" itasikika kama mtu anayejifunza lugha. Halafu ukapata "nakungoja we". Tano vilevile, na "we" inavutika hadi pumzi iishe. Nilikupigia makofi. Na "liputa", kile kitambaa chao cha kujifunga, ukaifanya kanga, nikakubali, maana mwanamke wa Kariakoo anafuta machozi kwa kanga.

Lakini mstari uliofuata, kaka. "Kasi ndako nakangi", lakini nyumba nimeifunga. Nilikueleza mara tatu. Huyu mwanamke anamngoja bwana wake, ila nyumba ameifunga. Akirudi atabisha hodi na kujieleza. Wimbo wote umeegemea hapo.

Wewe ukaandika:

*Kwa kanga nafuta chozi,*
*nakungoja we, mlango uko wazi.*

Nikakwambia umegeuza maana chini juu. Ukasema, "Kina kimekuja chenyewe, chozi na wazi, na hesabu imekaa. Nikifuata maana yako wimbo utachechemea." Nikakuachia, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa fundi.

Wimbo ukarekodiwa. Redio ikaupiga asubuhi na mchana, nikausikia kwenye foleni ya sukari, wanawake wakiuimba huku wamebeba vikapu. Kisha nikaenda baraza la usuluhishi kuomba niachane na mume ambaye mwaka wa nne huu hana barua, hana salamu, na Kinshasa ana mke mwingine. Ulinisindikiza. Mwenyekiti alisoma jina langu, akajua mimi ni dada yako, akacheka: "Mama, si mlango uko wazi? Mngoje." Wazee wote wakacheka. Nikakutazama.

Ulicheka na wewe, kaka.

Wakaniambia nikae mwaka mmoja zaidi. Njiani, pale Mnazi Mmoja, ukasema mume wangu ni rafiki yako tangu utotoni, na kungoja hakuui. Mwezi uliofuata homa ikakuchukua kwa siku nne, na mimi ndiye niliyekukanda maji. Nilikuwa nangoja upone ndiyo tugombane. Hata hilo umeninyima.

Baada ya msiba nilikaa na ule ubeti. Sikuchukua hata saa moja. Mstari wako wa kwanza nimeugeuza mpangilio tu, maneno yako mwenyewe, silabi nane kwa nane:

*Nafuta chozi kwa kanga,*
*nakungoja we, nyumba nimeifunga.*

"Nyumba nimeifunga" ni saba, kama "mlango uko wazi" ilivyokuwa saba. Nimeipoteza "lakini", nakiri, ila mpiga gitaa anaweza kukaa kimya kidogo kabla ya "nyumba", na kimya kile kinaisema. Kina ni nga. Hakichechemei. Kwa hiyo hukushindwa, Bakari. Hukutaka.

Nilimpelekea kiongozi wa bendi. Akaupiga mara mbili, akasema, "Shemeji, watu wameshauzoea ule." Nikamwambia aujaribu kwenye bugi, lile dansi la Jumapili mchana. Nusu ya ukumbi waliimba wa kwako juu ya wangu, ikawa vurugu. Waliporudia ubeti huo, wanawake wa meza za ukutani walinyamaza wasikilize, na mara ya tatu waliimba "nimeifunga" wakipiga meza. Wanaume hawakupiga. Redio bado inapiga wa kwako.

"Nakungoja we" nimeiacha ilivyo. Ni nzuri, na nikiulizwa nasema ni yako.

Jumanne narudi kwenye baraza la usuluhishi, peke yangu, bila kuungoja mwaka wao. Mungu akupunguzie joto la huko, nakuombea kila swala, hata nikiwa nimekunja uso. Lakini kaburini kwako sijafika na sitafika sasa. Nakuahidi hivi: siku nitakayoishika talaka yangu mkononi nitakuja, nikusomee kila neno lililoandikwa humo, bila kubadilisha hata moja.

Dada yako,
Tatu