Ema na Wakulima wa Makete

Dada Teodora,

Shikamoo huko Manda. Mdogo wako bahati imenibeba: nimenunua lori, na madalali wote wa viazi hapa Makambako wananiita bosi. Dagaa ulizotuma zilifika, nimezila zote.

Juzi nilikwenda Njombe kumtia moyo mwanao Ema, usiku wa kuamkia kutetea utafiti wake chuoni. Nilimkuta chumbani kwake, mtaa wa Ramadhani. "Mjomba, siendi. Nimeandika wakulima wa viazi wa mkoa mzima, na niliowahoji ni wa Makambako tu. Wakiniuliza Makete je?"

Mimi mjanja wa mjini nikamwambia, "Sema ulifika. Nani atakwenda Makete kuulizia?"

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Nikidanganya hapo, mjomba, swali la pili litaniangusha." Akafungua kompyuta, kwenye sehemu ya mapungufu ya utafiti akaandika kwamba matokeo yake yanawahusu wakulima wa Makambako peke yao. Kisha akanifanya mtahini. Nikakunja uso: "Na Makete?" "Sikufika, kwa hiyo siwezi kuwasemea." Tukarudia mpaka sauti yake ikatulia.

Asubuhi swali likaja lile lile, akajibu vile vile. Amepita, dada! Wamemwagiza arekebishe kichwa cha utafiti, basi.

Tangu siku hiyo naona aibu hata kuitwa mjomba. Lori si langu. Mimi ni mpakiaji wa viazi.

Mdogo wako,
Sadock