Mhuri wa Sura ya Tisa

Jumatatu, 5 Mei
Masjala. Barua kumi na moja zimeingia, nne zimetoka. Kugonga mhuri, kuandika daftarini, kuweka namba, kuingiza failini. Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo hiyo hapa Kilosa.

Mchana nimefungua bahasha ya Tabitha kutoka Mikumi. Riwaya nzima. Anataka niipitie kabla hajaituma kwa mchapishaji. Ni kisa cha msaidizi wa waziri anayegundua barua ya kughushi. Wazo hilo nilimpa mimi, kwenye semina ya uandishi, tukinywa chai. Nimelishikilia miaka saba nikapata kurasa arobaini. Yeye anafundisha sekondari, ameanza Desemba, amemaliza.

Nina wivu. Nimeandika, basi.

Jumatano, 7 Mei
Sura ya tano. Nilitaka iwe mbaya. Si mbaya. Waziri wake hukohoa kidogo kila anapotaka kusema uongo, na Baraka, msaidizi wake, ndiye pekee anayejua. Kitu kidogo tu. Mimi nisingekifikiria.

Jumamosi, 10 Mei
Sura ya tisa. Nimepata kosa.

Baraka anafungua faili la wizara. Anakuta nakala ya barua inayoipa kampuni moja mashamba ya kijiji, sahihi ya waziri chini. Anajua ni ya kughushi kwa sababu mhuri wa IMEPOKELEWA una tarehe ya Jumapili. Inasisimua. Lakini barua hiyo imetoka wizarani! Barua hugongwa mhuri wa kupokelewa kule inakofika, si kule ilikoandikwa. Nakala inayobaki failini haina mhuri huo. Kitabu kizima kimeegemea mhuri usioweza kuwepo.

Nilicheka peke yangu jikoni. Maharage yakaungua.

Jumatatu, 12 Mei
Tabitha amepiga. Shikamoo dada, marahaba, habari za nyumbani. Kisha akauliza kama nimeona makosa. Nikasema ya herufi tu, ukurasa wa sitini na moja na wa mia na arobaini. Akashukuru sana. Jina langu ameliweka kwenye shukrani.

Ameituma saa nane.

Najiambia sikudanganya. Nilidanganya.

Alhamisi, 22 Mei
Nimeandika sentensi tatu za riwaya yangu. Nimefuta mbili.

Alhamisi, 5 Juni
Tabitha amepiga tena. Mhariri wa mchapishaji amemjibu. Kitabu kimempendeza, lakini sura ya tisa haiaminiki, na ameeleza sababu: mhuri. Aliwahi kufanya kazi ofisi ya serikali. Wiki mbili arekebishe, la sivyo wanaacha.

Tabitha hakuwa na hasira wala shaka. Aliuliza tu, "Dada Hamisa, hata wewe hukuuona?"

Ningeweza kusema sikuuona. Ningesamehewa. Lakini ningekuwa karani wa miaka ishirini na sita asiyejua mhuri unagongwa wapi. Hilo lilinishinda. Heri aniite mbaya kuliko mjinga.

"Niliuona," nikasema.

Nilisikia malori ya barabara kuu upande wake. Kisha akasema nije Jumapili nimwonyeshe.

Jumapili, 8 Juni
Gari la asubuhi kupitia vijiji vya Ulaya na Zombo. Vumbi mpaka kwenye meno. Tabitha alikuwa ametoka kanisani, bado na kitenge kizuri. Alinipa shikamoo. Hakunikumbatia. Akaweka chai, akauliza kwa nini.

"Nilikuonea wivu. Wazo lilikuwa langu."

"Ungeliandika, dada."

Nikaomba daftari, nikachora.

Kila barua inayotoka ina kumbukumbu namba. Sehemu ya mwanzo ni namba ya faili, tarakimu za mwisho ni namba ya karatasi ndani ya faili hilo. Siku inapotoka huandikwa kwenye daftari la kutuma barua: namba, tarehe, inakwenda kwa nani. Mghushi anaweza kuiga karatasi yenye nembo, hata sahihi. Namba lazima aibuni au aiibe. Na barua yake haitakuwa failini kabisa. Wanakijiji wataileta wizarani kama kiambatisho cha malalamiko. Namba yake inaishia 31. Baraka ataagiza faili. Karatasi ya 31 ni mwaliko wa kikao. Atafungua daftari la siku ile: 31 ilikwenda Lindi, mwaliko ule ule. Barua mbili haziwezi kuwa na namba moja.

Tabitha aliandika haraka, ulimi umetokeza kidogo. Akauliza nani angeijua namba ya kuiba.

Nikamwambia mtu wa masjala.

"Mwenye kinyongo," akasema, bila kunitazama.

Aliniwekea ugali na mlenda. Tulikula.

Alhamisi, 19 Juni
Sura mpya imekuja kwenye simu. Nimeisoma mezani, mafaili yakisubiri. Mghushi sasa ni mwanamke wa masjala, mtu mzima, makini, asiyekosea tarehe hata moja. Aliiba namba kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Baraka anapomkamata, msomaji anamhurumia yeye kuliko Baraka.

Kila hatua ya namba iko mahali pake. Nimetafuta kosa. Hakuna.

Bado nina wivu.

Nimemjibu: Ni sahihi. Kisha nikakaa. Baadaye nikaongeza: Ni nzuri sana, mdogo wangu. Hilo la pili lilichukua muda.

Barua sita zimeingia leo.