Kibanio cha Bluu

Makadara, Nairobi
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako Muthoki. Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi mkorofi, bado anatafuna leso za majirani? Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka kwa kuita wateja. Simu unasema inakumezea maneno, basi nakuandikia. Munyao anasafiri kuja huko, atakuletea barua hii akusomee polepole.

Jana nilikwenda mtaa wa Lucky Summer kwa kaka Nzomo kama ulivyonituma. Tumbo la mkewe Millicent limeshuka, atajifungua wakati wowote, na Nzomo yuko safarini na lori la tajiri wake. Kazi yangu ilikuwa moja tu: nizoeane na wajina wako, Ndindi mdogo, ili akubali nimlete kwako huko Wote mama yake akiwa hospitalini. Millicent alisema asipokubali, yeye hataenda kujifungua kwa moyo mtulivu. Nawe unajua mtoto mwenyewe: ana miaka mitatu, na mgeni akiingia hata kupumua anaogopa.

Mama, nilianza vibaya! Unanijua. Niliingia na sauti ya sokoni nikiita mama yangu, mama yangu, njoo unikumbatie, maana kwetu aliyebeba jina la mama tunamwita mama. Maskini, alimtazama Millicent kama anayeuliza mama ni nani humu ndani, kisha akajificha nyuma ya dera lake akalia. Jirani aliyekuja kumjulia hali Millicent naye akamvuta mkono, eti amsalimie shangazi, asikose adabu. Kilio kikazidi. Hasira zilinipanda, karibu niseme mtoto amedekezwa.

Halafu nikakumbuka kibanda changu cha mitumba. Mteja mwenye haya ukimkazia macho, anaenda zake. Ukiendelea kukunja nguo kama humwoni, anasogea mwenyewe. Nikamwomba jirani amwache, na Millicent asiondoke kitini, mtoto apate pa kushika. Mimi nikavua viatu, nikaketi sakafuni, mbali kidogo, nimempa ubavu. Palikuwa na vibanio vya nguo kwenye beseni. Nikaanza kuvibana ukingoni kimoja kimoja nikijisemea: huyu mwekundu amewahi, huyu wa kijani amechelewa, atapata wapi kiti? Sikumwita wala kumuuliza kitu.

Kilio kikakoma. Jicho moja likachungulia. Nikaangusha kibanio makusudi nikashangaa, ala! Nikasikia kicheko kidogo. Nikakiangusha tena. Kisha nikasukuma kimoja hadi katikati yetu, nikarudisha mkono, nikaendelea na vyangu. Kungoja kule, Mama! Chai yangu ilipoa ikaota utando. Mwishowe mkono mdogo ukakichukua. Nami kwa furaha nikapiga makofi, mjinga mimi, akatimua mbio kurudi nyuma ya dera.

Nikaanza upya, kimyakimya. Safari hii alipobana chake, nami nikabana changu vilevile, alipokitoa, nikakitoa. Akagundua kwamba yeye ndiye anayeongoza mchezo. Weh! Akaanza kuniamuru: hapa, hapana, kule. Nikatii kila amri.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipojitokeza. Alichukua kibanio cha njano akakificha chini ya goti. Sikumuuliza yeye, nilikiuliza kibanio kwa nini kimejificha. Akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya chini, kwamba kinaogopa, shangazi atakichukua na hakitarudi nyumbani. Nikamtazama Millicent, akainamisha kichwa. Alikiri kwamba mtoto akikataa uji, humtisha kuwa shangazi Muthoki atakuja kumchukua. Kumbe mtoto alikuwa ananiogopa kabla sijabisha hodi! Iliniuma sana, lakini sikumgombeza Millicent, alikuwa ameshaanza kulia.

Nikachukua kibanio changu chekundu nikabisha nacho hodi kwenye beseni. Nikasema shangazi huyu hachukui mtu. Angependa kuja kulala hapa hapa, akiruhusiwa. Ndindi akafikiri. Kisha akakitoa kile cha njano, akakibana kando ya changu.

Wakati wa kuaga sikuomba kukumbatiwa. Nilimuuliza tupungiane mikono au tugonge viganja. Akachagua viganja, akavigonga kwa nguvu hata nikacheka kwa sauti yangu ile ile ya sokoni, na hakukimbia.

Sasa unisamehe, Mama: simleti huko. Najua umeshamtandikia kitanda. Lakini nimeshatoa neno langu kwa mtoto, hata kama lilipitia kwenye kibanio. Kesho nafunga kibanda nihamie Lucky Summer mpaka Millicent ajifungue na kupata nguvu. Naye ameapa hatanitumia tena kama zimwi la uji.

Ndani ya bahasha kuna kibanio cha bluu. Ndindi alinikimbilia nacho hadi mlangoni, akasema huyu ni nyanya wa Wote, apelekewe. Goti likikuruhusu, kilete mwenyewe. Ukingoni mwa beseni ameacha nafasi, na hataki mtu mwingine abanwe hapo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na yule mbuzi pia, ingawa hastahili.

Ni mimi mwanao,
Muthoki