Sentensi Niliyoiruka Ukumbini

Jumatano, 11 Juni

Sare za kwaya bado. Nimeshona mikono tisa ya nguo, wa kumi sijui umepotelea wapi. Mgongo umekataa.

Mchana amekuja Minza na ratiba ya Jumamosi. Tumerudisha mlango wa duka, nikapanda juu ya kigoda, nikafungua sherehe mbele ya cherehani mbili na yeye. Ni dhifa ya jioni ya sisi tuliosoma pale shuleni, kuchangia bweni la wasichana na kumheshimu Mwalimu Kabula, aliyetuongoza mpaka akastaafu. Minza ni mwanae wa pekee. Pia ni katibu wa kamati, na kwa ukatibu huo ametutesa wote.

Watu wanadhani ushereheshaji ni mdomo. Wanisamehe. Kazi yote iko kwenye ufunguzi. Pale ndipo ukumbi unajua umekaa kwenye mikono ya nani. Unawaambia kitakachofuata, wapi watakula, wapi watajisaidia, nani ataongea na kwa muda gani. Mtu akishajua hayo anatulia, na akitulia ndipo anacheka vizuri. Usipomwambia, kila saa anamgeukia jirani yake kuuliza.

Mwalimu amekataa kukaa meza kuu watu wakimtazama anavyotafuna. Kwa hiyo ataingia baada ya chakula, na wimbo wa shule. Sentensi yangu ni hii: "Baada ya mlo tutasimama wote, na Mwalimu wetu ataingia." Minza amenirudisha pale mara tatu. Mara ya tatu akajifuta macho na kipande cha kitambaa cha mteja wangu. Nikamwambia atakinunua.

Alhamisi, 12 Juni

Nyalikungu, kwa Mwalimu. Nimempelekea gauni la buluu atakaloingia nalo. Barabarani malori ya pamba tu, vumbi la pamba mpaka kwenye nyusi.

Miguu yake imevimba. Presha, anasema, kama mtu anayemtaja mpangaji msumbufu. Kaka yake, Mjomba Nkwabi, ndiye atakayemleta Bariadi kwa gari lake. Minza hataki kabisa safari hii. Mwalimu hataki kusikia.

Amenitaka nimsomee ufunguzi. Amefumba macho, fimbo mkononi, mimi na miaka yangu arobaini na moja nikahisi sketi ya shule. Kanikosoa mawili. Kwanza, naanza kwa kupiga kelele. Niongee chini, wenyewe watanyamaza ili wasikie. La pili: "Ng'wanone, mwanangu, usiwatangazie watu kitu ambacho hujakihakikisha. Ukitaja chakula, uwe umechungulia sufuria."

Nikamuuliza, na wewe je, nikutaje?

"Mimi nitaje. Nakuja."

Ijumaa, 13 Juni

Ukumbi. Spika moja inapiga mluzi nikisogea mbele yake, nimeweka alama ya utepe sakafuni, nisiivuke. Mlango wa kushoto unagoma, fundi ameupiga randa. Nimekubaliana na DJ: nikinyanyua mkono, muziki unashuka taratibu, haukatwi. Mpishi ameomba meza zihudumiwe kuanzia nyuma. Nimefurahi, hata mimi huwa nafanya hivyo. Wa nyuma ndio hununa kwanza.

Minza amepanga vitambaa vya meza mpaka nimemfukuza akalale.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui niandikeje. Nitaandika kama ilivyokwenda.

Jioni wageni wakaanza kuingia. Nikachungulia sufuria, kama nilivyoagizwa. Wali, pilau, nyama, vyote vipo. Wasemaji nikawaona mmoja mmoja kwa macho. Wa sala yupo. Wa historia ya shule yupo. Minza alikuwa mlangoni anapokea watu, kila baada ya muda anapiga simu, haipokelewi. Akaniambia mama atakuwa ameisahau kitandani, ndiyo kawaida yake.

Ilibaki kidogo nipande. Mwenyekiti wa kamati akanivuta nyuma ya jiko. Mjomba Nkwabi amempigia. Mwalimu ameanguka akiwa anavaa. Wamemkimbiza hospitali ya Maswa. Amefariki.

Nikauliza kama Minza anajua. Hajui. Mjomba amekataa. Kwao msiba wa mzazi hausemwi kwa simu, na mtoto haambiwi na mtu baki. Anakuja mwenyewe, amtoe nje, amkalishe, amwambie. Tusubiri afike. Tukichelewesha sherehe, Minza atauliza. Tukiifuta, ukumbi mzima utauliza.

"Fungua kama ilivyo, Mbuke. Soma kila kitu kama ulivyokipanga."

Nikasema sawa. Kwa mdomo wangu huu.

Nikapanda. Nikaanza chini, kama alivyonifundisha. Mwadila, nikawasalimu kwa Kisukuma. Ukumbi ukaitika, mwadila, mhola. Nikasalimia meza kuu mara moja, nikasema itifaki imezingatiwa kwa wote, kwa hiyo anayefuata asianze upya kutaja vyeo mpaka chakula kipoe. Wakacheka. Nikawafundisha makofi ya mvua: kidole kimoja kwenye kiganja, kisha viwili, kisha mkono mzima, nikinyanyua mkono mvua imekatika. Wakakosea, nikawatania wa meza ya walimu, wakarudia, wakapatia. Ukumbi ukawa wangu. Nilichukia jinsi ulivyokuwa wangu.

Simu ziwe kimya. Mwenye simu ya lazima, mlango wa kushoto, siku hizi unafunguka. Vyoo kulia. Wasemaji wana dakika tano, DJ atawakumbusha kwa muziki, asikasirike mtu. Kisha mtiririko wa jioni. Tutaanza na sala. Tutasikia historia fupi ya shule. Tutakula, meza za nyuma kwanza, hakuna kunyanyuka mpaka meza yako iitwe, chakula kinatosha, nimekiona kwa macho yangu.

Hapo nikamwona Minza. Alikuwa amekaa meza ya pili, ameinua uso, mikono ameiunganisha. Alikuwa anaisubiri ile sentensi.

Nikafungua mdomo. Sentensi ikanikatalia. Niliona gauni la buluu, mkono mmoja umevaliwa na mmoja bado. Nikasema, "Baada ya mlo, mwenyekiti atakuwa na neno." Nikaendelea na keki na muziki kama mtu asiyeruka kitu.

Ukumbi mzima haukugundua. Minza aliisikia ratiba hiyo mara tatu juu ya kigoda. Uso wake haukubadilika haraka. Ulishuka kidogo kidogo, kama muziki wa DJ wangu. Akaitazama simu yake. Akanitazama. Nilitakiwa nitabasamu, kazi yangu ni kutabasamu. Nikaangalia pembeni, na hapo nikamaliza kila kitu.

Akanyanyuka polepole, akapita mlango wa kushoto. Nilikuwa nimeitisha makofi ya mvua. Alitoka katikati ya mvua.

Sikumfuata. Mshereheshaji akishuka jukwaani, ukumbi unasimama. Nikamkaribisha wa sala. Wa historia akaongea. Nikaita meza za nyuma. Nilitania mtu aliyejaza sahani. Nimetania, mimi.

Mjomba alipofika alimkuta Minza amekaa ukingoni mwa maua, pale yanapoegeshwa magari, viatu ameshika mkononi. Alikuwa ameshajua.

Baada ya chakula mwenyekiti akasema neno lake: Mwalimu ametutoka. Nikachukua kipaza sauti kuwaomba watoke, nikakirudisha mezani. Wakatoka wenyewe. Meza za nyuma kwanza, wengine wamekaa wakisubiri zamu yao. Nilikuwa nimewafundisha vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda Nyalikungu. Nimesaidia kuchambua mchele. Mjomba hakupokea mkono wangu. Amesema mbele za watu, bila kupaza sauti: "Wewe ndiye uliyemwambia mtoto. Kwenye spika."

Kweli tupu.

Ningeisema ile sentensi, Minza angepata nusu saa nyingine ya kuwa na mama. Angekula. Angekaa anausubiri mlango ufunguke. Kisha angekuja kukumbuka kwamba nilijua, na nilimsomea. Nimegeuza hivi na hivi tangu asubuhi. Hakuna upande usiouma. Naona aibu. Na namkasirikia Mwalimu, kusema kweli. Alisema anakuja.

Minza yuko chumbani na shangazi zake. Sijaingia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi Nyalikungu kubeba viti. Shangazi mmoja akaniita, Minza ananitaka. Amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani, sauti hana. Amenipa karatasi ya ratiba ya mazishi. Kesho, Lalago, kwenye mji wa babu yake. Anataka niongoze mimi. Mjomba alikuwa mlangoni, akageuka akaondoka.

Nilitaka kuomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Da Mbuke, kesho usiruke kitu."

Jumanne, 17 Juni

Lalago. Upepo mwingi, turubai zilitaka kuruka. Watu wamejaa mpaka kwenye mabua ya pamba, wengi ni wale wale wa Jumamosi, safari hii wamevaa kanga na makoti.

Spika ndogo, ya kanisani. Nilijaribu mapema. Nikaliona kaburi. Nikamwona padri. Nikachungulia sufuria. Nikaenda mpaka nyumbani, nikaingia chumbani alipolazwa, nikamwona. Gauni la buluu, mikono yote miwili wamemvisha. Nikatoka.

Nikaanza chini. Wakanyamaza. Simu ziwe kimya. Akina mama upande wa nyumba, akina baba upande wa zizi. Maji yako kwenye ndoo za buluu. Wasemaji ni wawili tu, wa familia na wa shule. Watakaoaga wapite kulia watokee kushoto, wasisimame, wapo wazee wamekaa juani. Baada ya mazishi chakula, kinatosha, wa nyuma kwanza.

Minza alikuwa mbele, ameshikwa huku na huku. Ameinua uso.

Nikasema, "Sasa tutasimama wote, na Mwalimu wetu ataingia."

Wakasimama. Wale wa shule wakaanza wimbo bila kuambiwa. Jeneza likatoka mlangoni, Mjomba Nkwabi mbele kulia, kofia ameishika kwa mkono uliobaki. Alipopita karibu nami hakunitazama, lakini alipunguza mwendo, wenzake nao wakapunguza, nikapata muda wa kuweka kipaza sauti chini.

Nimerudi jua likiwa bado lipo. Nimekuta ule mkono wa kumi wa sare, ulikuwa chini ya kigoda. Nimeushona.