Muuguzi Asiyetabasamu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mnaendelea vizuri na kwamba mguu wako umepona. Sisi huku tu wazima kiasi. Baba anakula, analala, na juzi aliweza kushika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ingawa nusu ya uji iliishia shingoni. Maneno bado hayajarudi tangu kiharusi kile. Upande wa kulia bado ni mzito.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu wewe huniuliza haraka nami hujibu haraka, na jambo hili nikilijibu haraka nitalipinda tena. Tafadhali isome hadi mwisho kabla ya kumwambia mtu yeyote kitu.

Unamkumbuka muuguzi wa kwanza, yule ambaye mwanangu alimbandika jina la Bashasha. Ulizungumza naye kwenye video ukasema papo hapo kwamba baba yuko kwenye mikono mizuri. Hukuwa umemwona akifanya kazi hata dakika moja, ila alikuwa amekutabasamia. Sikulaumu, maana mimi nilimpenda hivyo hivyo. Tena mimi ndiye niliyepaswa kujihadhari, kwa sababu tabasamu ndiyo kazi yangu. Tangu nianze kukaa mapokezi ya ofisi ya maji naona watu wanaingia wamefura, bili mkononi, wiki nzima hawajaoga. Nikiwatabasamia sawasawa, mabega yao yanashuka, na wengine hutoka wakisema dada yule ni mtu mzuri, wakati bomba lao liko vile vile kavu. Siku nikiwa na jino linaniuma, nikajibu maneno yale yale kwa uso mkavu, huandikiwa malalamiko kwamba nina dharau.

Bashasha alipohama, wakala wa wauguzi wakatuletea mwingine. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono mikubwa, kutoka mbali na huku kwetu. Siku ya kwanza nilimfungulia mlango kwa tabasamu langu lote, akanijibu salamu kwa upole lakini uso wake ukabaki vile vile, kama ukuta uliopakwa chokaa. Nilipomweleza habari za dawa alikuwa anatazama sakafu. Alipomsalimia baba aliinama akatazama mikono yake, hakumtazama usoni.

Wewe na mimi tumelelewa na mtu aliyekuwa akisema, nitazame ninapoongea nawe. Ukitazama chini, una la kuficha. Basi nikaanza kumchunga. Nilihesabu vidonge. Nilinusa mashuka. Niliacha kipande cha uzi juu ya droo ya meza nione kama ataifungua, na uzi ukabaki mahali pake, nami badala ya kutulia nikasema huyu ni mjanja, ameuona. Kila nilichokuta kikiwa sawa kilizidi kunitia wasiwasi. Na baba alikuwa akikaa naye uso umelala, mdomo umeshuka upande wa kulia, nami nikausoma uso ule kuwa ni hofu. Kwa Bashasha angalau alikuwa akitabasamu. Bashasha alikuwa akimwambia, haya babu, tupe tabasamu, naye alijitahidi mpaka nusu ya kushoto ya mdomo ikapanda.

Ndipo ikaja Jumatatu ile. Nilikuwa navaa viatu niende kazini, muuguzi akatoka chumbani kwa baba na daftari lake, akaniambia kwamba amekuta alama kwenye mkono wa kulia wa baba, juu ya kiwiko. Aliyasema hayo akiwa anatazama kidole cha mguu wangu. Niliingia nikaziona, alama nne za vidole na ya tano ya gumba, za zambarau. Ndipo nilipokupigia simu na kukuambia kwamba mwanamke yule anampiga baba, na kwamba alishindwa hata kunitazama machoni. Wewe ukasema nipeleke malalamiko kwa wakala, nikayaandika siku hiyo hiyo. Nawe ukaandika kwa baraza la wauguzi wamfutie leseni.

Wakala walisema atasikilizwa Ijumaa, na mpaka hapo aendelee. Nikaamua kumfumania. Alhamisi mchana niliomba ruhusa kazini, nikarudi bila kumwambia mtu, nikavua viatu nje, nikanyata hadi kwenye mlango wa chumba cha baba ambao huwa haufungi vizuri. Nilikuwa na simu mkononi, tayari kupiga picha.

Muuguzi alikuwa amepiga magoti, miguu ya baba iko kwenye beseni, anamkata kucha. Macho yake yako kwenye kucha, uso wake mkavu kama siku zote. Alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Alikuwa akimweleza baba kwamba vidole tisa vimekubali kukatwa, ila hiki kidole gumba ni mwenyekiti wa mtaa, kinataka kwanza kiitishiwe kikao.

Nikamtazama baba. Kaka, baba alikuwa anatabasamu. Si ile nusu. Mdomo wote ulikuwa umepanda, kulia na kushoto, mashavu yameinuka, na pembeni mwa macho kumejaa mikunjo kama zamani. Ilidumu kidogo tu, kisha upande wa kulia ukashuka tena. Nilisimama pale na simu yangu bila kuitumia.

Ungedhani hapo ningetubu. Wapi. Nilidhani nimeona vibaya, kisha nikadhani mwanamke yule ana namna ya kumfanyia baba kiini macho.

Asubuhi ya Ijumaa alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule mama wa miwani. Nilimuuliza, kama vile nauliza jambo la kupita, inakuwaje mtu aliyepooza nusu ya uso atabasamu kwa uso mzima. Hakushangaa. Alinieleza kwamba ubongo una njia mbili za kuuamuru uso. Ipo njia ya tabasamu la kuagizwa, unapoambiwa tabasamu ukatabasamu, na hiyo ndiyo kiharusi kimeikata kwa baba. Ipo nyingine ya tabasamu linalokuja lenyewe kutoka kwenye furaha, na hiyo kwa wagonjwa wengine hubaki nzima. Akasema tabasamu la kuagizwa mara nyingi huishia mdomoni, ila la furaha mara nyingi huinua shavu na kukunja pembe za macho, ingawa wapo wanaojua kuliigiza hata hilo.

Basi nikamuuliza kuhusu mtu asiyetabasamu kabisa. Alisema tukiona mtu anatutabasamia, misuli ya nyuso zetu humwiga kidogo bila sisi kujua, tukajisikia vizuri, na uzuri ule tunampa yeye. Tunamwona mkarimu, tunamwona anaaminika. Upole wake labda tumeuona kweli, lakini uaminifu tumemwongezea wenyewe. Tena, alisema, kuna mahali watu humtabasamia yeyote anayepita, na kuna mahali tabasamu huwekewa watu unaowajua, na ukimchekea mgeni bila sababu utaonekana huna akili au una jambo unalolitaka. Macho nayo ni hivyo hivyo. Huku tunasema anayetazama chini anaficha, kwingine anayemkazia macho mkubwa wake ndiye asiye na adabu. Na hata mahali pamoja watu hawafanani, kwa hiyo nisimpime kila mtu kwa desturi ya kwao. Kisha akasema kwamba hajawahi kumkuta mgonjwa wa kiharusi mwenye ngozi safi kama baba, wala kidonda kimoja mgongoni, na kwamba muuguzi huyo lazima anamgeuza kwa saa.

Nilikwenda kwa wakala mchana ule. Msimamizi alikuwa na daftari la muuguzi mezani. Alinisomea ya Jumatatu. Mlikuwa mmeandikwa ukubwa wa alama na rangi yake, kwamba dawa ya kuzuia damu isigande humfanya mgonjwa avilie damu upesi, na kwamba familia ikumbushwe kumwinua kwa shuka na si kwa mkono dhaifu. Basi. Muuguzi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya mapaja, macho chini. Msimamizi akaniuliza kama bado nasimama na maneno yangu.

Kaka, sasa nakuambia nililomwambia yeye. Alama zile ni vidole vyangu. Jumapili jioni baba alikuwa anateleza kutoka kitini, nilikuwa peke yangu, nikamdaka kwa mkono wa kulia nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Alitoa sauti. Nilipoziona alama Jumatatu nilijua. Sikusahau wala sikuchanganyikiwa. Nilijua pale pale, muuguzi akiwa amesimama mlangoni anatazama chini, na nikaona ni rahisi zaidi kumsadikisha kila mtu, wewe ukiwa wa kwanza, kwamba uso ule ni uso wa mkosaji. Nisingethubutu kumsingizia Bashasha. Nani angeniamini?

Nilimwomba muuguzi radhi mbele ya msimamizi. Akasema, bila kuinua macho, "Nilijua ni wewe. Ukiweka kiganja changu juu ya alama zile, zinafunikwa zote; ni za mkono mdogo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Binti amemdaka baba yake asianguke. Hilo si kosa la kushtakiwa." "La pili ulilofanya ndilo kosa."

Nikamuuliza pia, kwa sababu nilishindwa kujizuia, kwa nini hakunitabasamia hata siku moja. Akasema kwao mtu akiingia nyumba yenye mgonjwa akiwa na meno nje, wenye nyumba humuuliza anamcheka nani.

Amerudi kazini kwetu tangu Jumanne. Mimi ndiye niliyemwomba, na alichukua siku tatu kufikiri. Hajanitabasamia, na sijui kama amenisamehe. Uso wake siwezi kuusoma, na sasa nashuku hata nyuso ninazodhani nazisoma. Juzi mteja alinichekea vizuri sana pale mapokezi, nikajikuta namwomba kitambulisho mara mbili.

Ninachokuomba ni kimoja, na hakingoji. Ile barua yako kwa baraza, andika leo nyingine ya kuifuta. Waambie dada yako alisema uongo. Liandike neno hilo hilo, usilipambe. Wakala wamekwishapeleka maelezo yangu yenye sahihi, lakini malalamiko yana jina lako, na mpaka wewe uyaondoe, leseni yake iko mashakani kwa ajili ya vidole vyangu. Ukiwa na hasira nami, nitaipokea. Nipigie tu baada ya kuandika, si kabla.

Baba nimemweleza yote. Alinisikiliza, akanipapasa kichwani kwa mkono wake mzima. Uso haukusema kitu.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na uutunze huo mguu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda